Asilimia 5 iliyozaa senti 42: salio la chini kabisa la mwezi au wastani wa kila siku?

Mama mukubwa anauza unga wa mahindi kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Mwanzoni mwa Julai alikuja kwangu na karatasi ya konti yake ya akiba, akaiweka juu ya meza bila kusalimia vizuri, akatia kidole kwenye mstari wa mwisho: riba ya Juni, dola 0.42.

"Banki iliniambia asilimia tano," akasema. "Mwezi muzima feza yangu ilikuwa mule. Juu ya nini wananipa makuta ya kununua maji ya sachet?"

Niliwahi kufanya kazi miaka kadhaa kwenye kaunta ya koperative ya akiba, na swali hilo nililisikia mara nyingi. Banki haikumdanganya. Asilimia 5 ni kweli. Ila asilimia peke yake haisemi kitu mpaka ujue inapigwa juu ya feza gani, na hapo ndipo banki mbili zenye matangazo yanayofanana zinapoachana.

Banki ya mama mukubwa inatumia salio la chini kabisa la mwezi. Mwisho wa mwezi mashine inapitia salio la kila siku, inachagua dogo kuliko yote, na riba inahesabiwa juu ya hilo tu, kana kwamba feza nyingine zote hazikuwahi kulala pale. Jirani yake sokoni ana konti kwenye banki nyingine inayotangaza asilimia 3, lakini hiyo inahesabu kwa wastani wa kila siku: salio la kila jioni linajumlishwa, jumla inagawanywa kwa siku za mwezi, na riba inapigwa juu ya wastani huo. Mama mukubwa alimcheka sana jirani yake kwa kukubali asilimia 3.

Hebu tuchukue karatasi yake tuisome. Nahesabu kwa dola kwa sababu ndivyo watu wengi hapa wanavyoweka akiba, lakini kwa franka njia ni ileile.

Tarehe 1 Juni alikuwa na dola 800. Tarehe 10 aliongeza 400, akafika 1,200. Tarehe 24 alitoa 1,100 kwenda kupakia unga Kasumbalesa, zikabaki 100. Tarehe 26, baada ya kuuzia wateja wa jumla, alirudisha 900, akafunga mwezi na 1,000.

| Tarehe | Salio la jioni | Siku | Salio mara siku |
|---|---|---|---|
| 1–9 | 800 | 9 | 7,200 |
| 10–23 | 1,200 | 14 | 16,800 |
| 24–25 | 100 | 2 | 200 |
| 26–30 | 1,000 | 5 | 5,000 |
| Jumla | | 30 | 29,200 |

Kwa njia ya banki yake, salio dogo kuliko yote ni 100. Asilimia 5 ya 100 ni dola 5 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12, unapata senti 42. Siku 28 za mwezi alikuwa na dola 800 au zaidi, lakini zile siku mbili, tarehe 24 na 25, ndizo zilizoamua mwezi mzima.

Kwa njia ya banki ya jirani, tunachukua 29,200, tunaipiga mara asilimia 3, tunagawa kwa siku 365. Inatoka dola 2.40 kamili. Wastani wenyewe, yaani 29,200 kugawa kwa 30, ni dola 973. Kwa hiyo asilimia 3 ilizaa karibu mara sita ya asilimia 5, kwa feza zilezile na mama yuleyule. Ili banki yake ifikie dola 2.40 kwa kuhesabu salio la 100, ingebidi itoe asilimia 28.8 kwa mwaka. Hakuna banki inayotoa hivyo kwenye akiba ya kawaida ya dola, na ikitokea moja ikatangaza, mimi ningekimbia.

Tazama pia safari ya Kasumbalesa imemgharimu nini kwa kila upande. Kwa wastani, dola 1,100 zilizotoka siku mbili zinapoteza riba ya siku mbili tu za hizo 1,100, ambayo ni senti 18. Kwa salio la chini kabisa, siku hizohizo mbili zimekula karibu kila kitu: kama asingezigusa hizo 1,100, salio dogo la Juni lingekuwa 800, na riba ingekuwa dola 3.33. Njia ya wastani inakutoza kwa siku ulizokosekana. Ile nyingine inakutoza mwezi mzima hata kama ulikosekana usiku mmoja.

Hapo ndipo mama mukubwa aliposimama, tayari kwenda kufunga konti. Nikamwambia akae kwanza, kwa sababu hadithi ya mdogo wangu inakwenda kinyume.

Mdogo wangu ni fundi wa umeme, anakaa Kampemba, na mshahara wake unaingia kila tarehe 5. Kwenye konti yake ya akiba anatia dola 150 siku hiyohiyo, halafu hagusi. Alianza Juni na 500. Tangu tarehe 5 akawa na 650 mpaka mwisho wa mwezi. Salio lake dogo ni 500. Kwa asilimia 5 anapata dola 2.08. Kwa wastani, siku nne za 500 na siku 26 za 650 zinatoa 18,900. Piga asilimia 3, gawa kwa 365, ni dola 1.55. Yeye akihamia banki ya jirani ya mama mukubwa, anapoteza zaidi ya nusu dola kila mwezi, na pengo linakua kadiri akiba inavyokua.

Kwa hiyo haifai kuuliza njia ipi ni nzuri bila kuangalia konti ya nani. Kuna hesabu moja ndogo inayomaliza ubishi, nami naipenda kwa sababu inafanyika kwenye simu kwa dakika mbili. Chukua salio lako dogo la mwezi, uligawe kwa wastani wako wa kila siku. Halafu chukua asilimia ya banki ya wastani, uigawe kwa asilimia ya banki ya salio dogo. Namba ya kwanza ikiwa kubwa kuliko ya pili, banki ya salio dogo inakufaa. Ikiwa ndogo, nenda kwenye wastani.

Kwa banki hizi mbili, 3 kugawa kwa 5 ni 0.6. Mama mukubwa ana 100 kugawa kwa 973, yaani 0.10. Yuko mbali sana chini ya mpaka. Mdogo wangu ana 500 kugawa kwa wastani wa 630, yaani 0.79. Yuko juu. Na kama banki mbili zinatoa asilimia ileile, mpaka unakuwa 1, na hapo njia ya wastani haiwezi kushindwa, maana salio dogo haliwezi kuzidi wastani. Litalingana nao tu kama konti haikuguswa mwezi wote.

Usifanye hesabu hiyo kwa mwezi mmoja mzuri. Chukua karatasi za miezi sita angalau, na usiruke Septemba, mwezi wa minervali ya shule ya watoto. Septemba iliyopita mdogo wangu aliingia na 950, akatoa 750 tarehe 2, akabaki na 200 mpaka mshahara ulipoingia. Salio dogo ni 200: kwa asilimia 5 anapata senti 83. Kwa wastani angepata senti 88. Yaani hata katika mwezi wake mbaya kuliko yote, banki ya salio dogo ilimnyima senti tano tu, wakati miezi mingine inampa hamsini na zaidi. Akae palepale.

Lakini anayekaa kwenye banki ya salio dogo inabidi ajue kalenda yake, kwa sababu njia hii haina huruma na tarehe. Zile 150 za tarehe 5 hazikuhesabiwa Juni hata kidogo. Zinaanza kufanya kazi Julai. Angeweza kuzitia tarehe 30 Juni, au tarehe 6 Juni, matokeo yangekuwa sawa kabisa. Kwa njia ya wastani, kuchelewa siku ni kupoteza riba ya siku. Huku, ukishapitwa na tarehe 1, huna sababu ya kukimbia mpaka mwisho wa mwezi.

Kutoa nako kuna tarehe yake. Ukitoa tarehe 30 na kurudisha tarehe 2, umeharibu miezi miwili kwa siku mbili, kwa sababu shimo limeingia Juni na limeingia Julai. Hilo ndilo kosa niliokuwa naliona zaidi kwenye kaunta, na lilikuwa la wafanyabiashara karibu wote: wanalipa bidhaa mwisho wa mwezi, wanauza mwanzo wa mwezi. Kama mzigo unaweza kusubiri siku tatu, toa tarehe 3 na urudishe tarehe 5. Shimo ni lilelile, lakini limeingia mwezi mmoja.

Kwa nini nasema tarehe 3 na si tarehe 1? Kwa sababu ya kitu ambacho wateja wengi hawakijui mpaka kiwaume. Banki zenye desturi ya Kifaransa, kama zetu, mara nyingi zina tarehe mbili kwa kila mstari: tarehe uliyofika kaunta, na tarehe ambayo feza inaanza au inaacha kuhesabiwa. Ukiweka leo, inaweza kuhesabiwa kuanzia kesho. Ukitoa leo, inaweza kuhesabiwa kama ilitoka jana. Ukitoa tarehe 1 Julai kwenye banki ya namna hiyo, kwenye hesabu imetoka tarehe 30 Juni, na Juni yako nzima imeanguka ingawa ulijiona mjanja. Jumamosi na sikukuu zinaweza kusogeza tarehe zaidi. Kwenye karatasi ya konti tafuta safu ya pili ya tarehe. Ikiwepo, hiyo ndiyo ya kufuata.

Kwa njia ya wastani tarehe hizo zinauma pia, ila kidogo. Nilirudia hesabu ya mama mukubwa nikisogeza kila uwekaji siku moja mbele na utoaji siku moja nyuma. Jumla ilishuka kutoka 29,200 mpaka 26,800, na riba kutoka dola 2.40 mpaka 2.20. Senti 20 si kitu cha kugombania.

Kuna banki zinazolegeza njia ya salio dogo kwa kutoangalia siku za mwanzo za mwezi. Mfano unaojulikana sana ni wa India: kabla ya tarehe 1 Aprili 2010, banki za huko zilitoa riba ya akiba juu ya salio dogo kuanzia tarehe 10 mpaka mwisho wa mwezi. Mdogo wangu kwa kanuni hiyo angehesabiwa 650 badala ya 500, kwa sababu mshahara unaingia kabla ya tarehe 10. Mama mukubwa asingepata kitu cha ziada, maana shimo lake liko tarehe 24. Banki kuu ya India ilizihamisha banki zote kwenye hesabu ya kila siku tangu siku hiyo ya 2010. Amerika ilikuwa imekwisha kuikataa njia ya salio dogo kwa sheria ya 1991 kuhusu ukweli wa akiba: kule banki lazima ihesabu feza yote iliyolala kila siku. Kwa kifupi, katika nchi hizo mbili, sheria ilipoingia kati, ilimpendelea mtu wa aina ya mama mukubwa.

Sasa, utajuaje banki yako inatumia ipi? Uliza kaunta, lakini uliza vizuri. Ukisema "salio la chini", mfanyakazi anaweza kufikiri unauliza kiasi ambacho konti haipaswi kushuka chini yake, na atakujibu "dola kumi" au "dola ishirini". Hicho ni kitu kingine. Uliza hivi: "Riba ya mwezi munaipiga juu ya salio gani?" Akisita, usimlaumu, wengi hawakufundishwa. Karatasi yako yenyewe itasema.

Chagua mwezi ambao feza yako ilipanda na kushuka sana. Chukua riba uliyopewa, uipige mara 12, uigawe kwa asilimia ya mwaka. Za mama mukubwa: 0.42 mara 12 ni 5.04; gawa kwa 0.05, unapata karibu 101. Angalia kwenye karatasi namba hiyo inafanana na nini. Imekaa pembeni kabisa ya lile 100 la tarehe 24, basi umeishamkamata. Kama ingetoka karibu na 973, ungejua ni wastani. Tofauti ndogo inatokana na kukata senti au na kugawa kwa siku 360 au 365 badala ya miezi 12, isikuhangaishe. Na kama riba ni sifuri kabisa ingawa konti haikuwahi kubaki tupu, mara nyingi si njia ya hesabu. Huenda kuna kizingiti, na salio lako limeanguka chini yake.

Kizingiti hicho kinaweza kuwepo kwenye banki za aina zote mbili, na kwenye banki ya wastani ndicho kinachoharibu sifa yake nzuri. Banki inaweza kusema: tunahesabu kila siku, lakini siku yoyote salio likiwa chini ya 200, siku hiyo haihesabiwi. Hiyo si mbaya, mama mukubwa angepoteza siku mbili. Lakini nyingine inaweza kusema: likishuka chini ya 200 hata siku moja, mwezi wote hauna riba. Ukisoma vizuri, hiyo ni njia ya salio dogo iliyovalishwa kitenge cha wastani. Vilevile kuna zinazofuta riba ukitoa zaidi ya mara fulani kwa mwezi. Muulize mfanyakazi akuonyeshe mahali palipoandikwa.

Halafu gharama ya kutunza konti. Kwa riba ya senti 42, ada ya dola moja kwa mwezi inakuacha ukiilipa banki ikulindie feza, na maneno yote ya juu yanakuwa bure. Kwa njia ya salio dogo ada ina kidonda kingine kidogo: ikikatwa siku ya shimo, 100 inakuwa 99. Linganisha riba baada ya kutoa ada, kila mara.

Mama mukubwa alisikiliza yote haya akiandika namba zake kwa bik nyuma ya karatasi. Nikampa pia njia ya tatu: aache konti ya asilimia 5 kwa feza asiyoigusa, na ya mzigo aiweke kwenye banki ya wastani. Akacheka. "Na isiyoguswa ni ngapi? Si ni ile mia tu?" Alikuwa na haki. Kwa mia moja haifai kulipa ada mbili. Angekuwa na 1,000 zinazolala na 1,000 zinazotembea, ningemshikilia kwenye wazo hilo.

Swali lake la mwisho lilikuwa la mfanyabiashara kweli. Kuna siku anatoa feza saa tatu asubuhi, anauza yote, na saa nane anarudisha. Siku hiyo itahesabiwaje? Kwa banki inayoangalia salio la jioni, ambayo ndiyo desturi, feza hiyo haikutoka kabisa, kwa njia zote mbili. Lakini kama banki inasogeza tarehe, ile ya asubuhi inahesabiwa imetoka jana na ile ya mchana inaingia kesho, na kwenye karatasi kunatokea shimo la siku mbili ambalo machoni mwake halikuwepo. Tukafungua tena karatasi yake, tukatafuta safu ya pili ya tarehe. Ilikuwepo.

"Basi kesho naenda na jirani kwenye banki yake," akasema, akikunja karatasi. "Lakini nitauliza kwanza hiyo ya tarehe."